Kamera Itembee, Chupa Itulie

Mazungumzo yetu ya jioni hii yanahusu kazi ambayo kila mwenye bidhaa ya kuuza ameanza kuitamani, nayo ni kuichukua picha moja tuli ya bidhaa yake, kuipeleka kwenye mtambo wa akili mnemba, na kupata video ya sekunde 5 ambamo kamera inaisogelea bidhaa ile taratibu, ilhali bidhaa yenyewe haipindiki, haivimbi wala haiyeyuki. Nitashika mfano mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, ili tusipotee njiani: chupa ya mafuta ya karafuu ya Pemba, ya kioo cha kahawia, yenye kifuniko cheusi na lebo nyeupe ambayo jina limeandikwa kwa herufi kubwa na ujazo kwa herufi ndogo. Chupa hiyo imesimamishwa juu ya meza ya mbao, mbele yake zimemwagwa karafuu kavu kiasi cha ukufi, na nyuma yake ni ukuta mweupe.

Mitambo ya kuihuisha picha tuli haina umri mkubwa. Stable Video Diffusion ilitolewa mwezi wa Novemba 2023, nayo ilikuwa ikitoa fremu 14 au 25 tu, bila ya kupokea maelekezo ya maneno. Katikati ya mwaka 2024 zikaja Kling na Dream Machine, na mwanzoni mwa 2025 kampuni ya Alibaba ikauweka wazi mtambo wake uitwao Wan 2.1, ambao mtu mwenye kompyuta yenye nguvu ya kutosha aweza kuuendesha nyumbani kwake. Inatofautiana kwa uwezo na kwa bei, lakini asili ya kosa linalotusumbua ni moja katika yote, na mwenye kuifahamu asili hiyo atafanya kazi nzuri kwa mtambo wowote atakaoupata.

Asili yenyewe ni hii. Mpiga picha aliyeishika chupa mkononi anajua kuwa ni kitu kigumu, kina mgongo ambao hauonekani kwa mbele, na kwamba lebo imezunguka ubavuni. Mtambo haukuishika chupa hiyo. Ulichopewa ni rangi zilizopangwa juu ya uso mmoja bapa, nao, kwa yale uliyojifunza katika video nyingi mno za watu wengine, unakisia fremu zinazofuata zingekuwaje. Pale ambapo jawabu limo ndani ya picha, hukisia vizuri ajabu; na pale ambapo jawabu halimo, hubuni, na ubuni huo ukishabadilika baina ya fremu hii na ile, jicho la mtazamaji huuona kuwa ni kioo kinachoyeyuka. Kupindika kwa bidhaa, basi, aghalabu si maradhi ya mtambo peke yake, bali ni matokeo ya kutakiwa uonyeshe kitu ambacho hukuupa.

Kutokana na hayo, hukumu ya kwanza ni ya njia ambayo kamera itapita, kabla ya neno lolote kuandikwa. Watu wengi hupenda kamera iizunguke bidhaa, kwa kuwa ndivyo wanavyoona katika matangazo ya makampuni makubwa. Lakini kamera ikizunguka hata robo ya duara, ubavu wa chupa ambao haukuwamo pichani sharti utokeze, na lebo sharti iendelee kwa maandishi ambayo mtambo haujapata kuyasoma. Kurudi nyuma nako kuna dhara yake, maana kila kamera inaporudi, kingo za picha hupanuka, na meza mpya na ukuta mpya hutakiwa kutoka pasipokuwa na kitu. Kuisogelea bidhaa moja kwa moja ndiyo njia yenye kudai machache kuliko zote: vilivyomo pichani vinakuwa vikubwa, vya pembeni vinatoka nje ya fremu, na karibu hakuna kipya cha kubuniwa. Ndiyo sababu namshauri kila anayeanza, na hata aliyekwisha zoea, kwamba tangazo la bidhaa yenye lebo alianze kwa mwendo huu, na aiache mizunguko kwa vitu visivyo na maandishi.

Hukumu ya pili ni ya picha yenyewe, na hapa yafaa nieleze jambo ambalo halionekani kwa macho. Mtambo haufanyi kazi juu ya picha kama tunavyoiona sisi, bali huibana kwanza ikawa ndogo. Katika Wan 2.1, kwa mfano, kila mraba wa pikseli 8 kwa 8 hukusanywa katika seli moja, na baada ya fremu ya kwanza, kila fremu 4 hukusanywa kuwa moja, hata video ya fremu 81, ambayo kwa mwendo wa fremu 16 kwa sekunde ni kama sekunde 5, hushughulikiwa ndani kana kwamba ina fremu 21 tu. Sasa itazame lebo yetu. Herufi ya jina yenye urefu wa pikseli 60 imelala juu ya seli saba na zaidi, kwa hiyo umbo lake lina mahali pa kushikilia. Lakini herufi ya ujazo yenye urefu wa pikseli 12 haijai hata seli mbili, na mtambo unapoifungua tena hauna budi kuikisia. Ndiyo maana jina hubaki limesimama na maandishi madogo yakawa kama siafu wanaotembea. Hakuna ibara ya kuandika itakayoliponya hilo; dawa yake nitaitaja baadaye, nayo haimo ndani ya mtambo.

Picha ya kupeleka, basi, iwe na umbo lile lile la video unayoitaka, yaani 16 kwa 9 kama ni ya kulala, au 9 kwa 16 kama ni ya simu, kwani ukipeleka picha ya mraba mtambo utaikata au utabuni pembeni. Lebo iikabili kamera sawasawa, isikae upande. Kamera iwe kimo cha katikati ya chupa, ili ubavu wa kulia na wa kushoto usimame wima, kwa sababu mstari ulio wima tangu mwanzo ni rahisi kuubaini unapoanza kupinda. Chupa nzima iwe imeonekana kwa ukali, kuanzia kifuniko hadi kitako, na pasiwe na sehemu ambapo rangi ya kioo imechanganyika na rangi ya kilicho nyuma yake. Ukingo usiokuwa bayana ndipo mahali ambapo kuyeyuka huanzia, kwani mtambo hauna hakika kama pikseli zile ni za chupa au za ukuta.

Kioo kina taabu yake ya pekee. Dirisha la chumba likijitokeza juu ya chupa kama mraba mweupe wenye nondo, mtambo hujua kutokana na mafunzo yake kwamba mwako wa namna hiyo huteleza kamera inaposogea, nao hakika utauteleza. Lakini mara nyingi unapoteleza huburuta ukingo wa chupa pamoja nao, na bega la chupa likaonekana linapumua. Tandaza kitambaa cheupe chembamba baina ya dirisha na meza, mwako ule ugeuke mstari mmoja laini wa wima kutoka begani hadi kitakoni, na zaidi ya nusu ya ghasia itakuwa imeondoka kabla hujaifungua kompyuta.

Sasa tuje kwenye maneno. Mitambo mingi ya namna hii hufahamu zaidi Kiingereza, na baadhi, kama Wan, Kichina pia. Kwa hiyo nitayasoma maelekezo kama yanavyoandikwa kwenye kisanduku, kisha niyafasili.

```
The camera makes one slow, steady push-in,
straight toward the bottle.
The bottle, its label and the cloves stay still.
Soft, constant light from the left.
```

Sentensi ya kwanza inaitaja kamera na kuipa tendo moja tu, kuisogelea chupa moja kwa moja, kwa utaratibu usiobadilika. Ya pili inavitaja vitu vitatu na kuviamuru vitulie. Ya tatu inaishika nuru isihame, kwa sababu nuru ikihama vivuli huhama, na vivuli vikihama mtambo huona ruhusa ya kuzihamisha karafuu. Hamtaona mahali nilipoeleza kwamba chupa ni ya kahawia au kwamba lebo ni nyeupe. Picha imekwisha yasema hayo, na kuyarudia kwa maneno ni kufungua mlango wa ugomvi baina ya picha na maandishi, ambapo mtambo, ukitaka kuyaridhisha yote mawili, huibadilisha chupa kidogo kidogo ifanane na maelezo.

Utangulizi wa kamera katika sentensi ya kwanza nao una sababu. Mwenye kuogopa kupindika hujaza kisanduku kizima kwa maneno ya utulivu, akapata video ambayo haina mwendo wowote, picha tuli iliyonyooshwa kwa sekunde 5. Au akapata mbaya zaidi, fremu zilizoganda kwa sekunde tatu kisha kamera ikaruka ghafla mbele. Mtambo uliamriwa utulie, nao ukatii. Tendo la kamera litangulie na liwe dhahiri, utulivu wa bidhaa ufuate nyuma yake.

Yako pia maneno ya kuhadhari nayo. Ukiandika `slow motion` badala ya kuitaja kamera iendayo polepole, waweza kupata karafuu zinazoanguka kwa mwendo wa kuvutwa, kwa kuwa ibara hiyo katika video ambazo mtambo ulifundishwa huambatana na vitu vinavyorukaruka na maji yanayomwagika. `Dynamic` na `epic` ni mialiko ya ghasia. `Rotate` haisemi ni nani azunguke, kamera au chupa, na mara nyingi itakuwa chupa. Aidha, baadhi ya mitambo ina kitufe cha kuyaongezea uzuri maelekezo yako kabla ya kuyatumia, nacho aghalabu hupachika mvuke, vumbi linalong'aa na mizunguko ambayo hukuiomba. Kizime, lau kinazimika.

Kuhusu kukanusha, hapa watu hudanganyika sana. Huandika katika kisanduku kile kile kwamba chupa isipinde na herufi zisibadilike, wakidhani wamejilinda. Mwongozo wa kampuni ya Runway wenyewe unaonya kwamba maneno ya kukanusha ndani ya maelekezo yaweza kuleta kinyume cha kilichokusudiwa, kwa sababu kulitaja pindo ni kulileta pindo katika fikra za mtambo. Sema unachokitaka, wala usiseme usichokitaka. Lakini Kling na Wan zina kisanduku cha pili, kilichotengwa kwa ajili ya mambo ya kuepukwa, na huko ndiko mahali pake. Hakihitaji maneno ya kukanusha. Yanatajwa mambo yenyewe tu:

```
warping, morphing, bending glass, changing text,
camera shake, rotation
```

Mtambo ukiwa na kitelezo cha nguvu ya mwendo, kishushe karibu na chini. Chagua sekunde 5 badala ya 10, maana fremu ya kwanza ni picha yako halisi, na kila fremu inayofuata iko mbali nayo zaidi, hata makosa hukusanyika mwishoni. Kuiongeza video kwa kuichukua fremu ya mwisho na kuianzisha upya si shauri jema, kwani makosa ya kipande cha kwanza huwa urithi wa cha pili. Na unapojaribu kubadili neno moja ili kuona athari yake, iandike ile namba iitwayo `seed` na uirudie vile vile. Bila ya hivyo hutajua kama tofauti imeletwa na neno au na bahati.

Video ikishatoka, usiiamini kwa kuitazama mara moja inapokwenda. Jicho hufuata mwendo na kusamehe mengi. Isimamishe kwenye fremu ya kwanza, uipime chupa kwa programu yoyote ya picha, kisha uende kwenye ya mwisho uipime tena. Tuseme katika fremu ya kwanza chupa yetu ina urefu wa pikseli 720 na upana wa 300. Urefu ukigawiwa kwa upana tunapata 2.4. Katika fremu ya mwisho, baada ya kamera kuikaribia, urefu umekuwa 830. Upana unaostahili ni 346 au karibu yake, nao utatupa 2.4 ile ile. Ukikuta upana ni 360, uwiano umeshuka hadi 2.3, na chupa imevimba, ijapokuwa hakuna aliyeiona ikivimba. Baada ya kipimo hicho pitia fremu moja moja ukitazama mambo matatu: duara la kifuniko, ambalo hupenda kulegea upande mmoja, kivuli cha chupa juu ya mbao, ambacho hakina haki ya kuachana na kitako, na karafuu, ambazo idadi yake isipungue wala kuongezeka isipokuwa zile zilizotoka nje ya fremu. Mara nyingi utakuta sekunde tatu za mwanzo ni safi na mbili za mwisho zimeharibika. Zikate za mwisho. Kwa tangazo la simu, sekunde tatu za kamera iendayo pole zinatosha.

Ile dawa ya maandishi madogo ni hii: lebo huwekwa upya kwa mkono. Kwa kuwa kamera imekwenda mbele moja kwa moja na lebo imeikabili, lebo katika video haifanyi zaidi ya kukua kwa kipimo kilicho sawa, kwa hiyo yawezekana kuichukua lebo ya picha asili, kuiweka juu ya ile ya video katika programu ya kuhariri, kama vile DaVinci Resolve au After Effects, kuipa ukubwa wa mwanzo na ukubwa wa mwisho, na kuiacha programu iifuatishe katikati. Kingo zake zilainishwe kidogo zisionekane kuwa zimebandikwa. Hii nayo ni faida nyingine ya kuukataa mzunguko, kwani lebo inayogeuka ubavuni ni kazi ya mtaalamu na ya saa nyingi. Na mimi naiona kazi hii kuwa ni wajibu, si pambo: ujazo na tarehe vilivyomo katika lebo ni ahadi ya muuzaji kwa mnunuzi, na video inayoonyesha tarakimu za kubuniwa imemdanganya mtu, hata kama hakuna aliyekusudia.

Pengine msikilizaji mmoja atauliza: ikiwa mwendo wenyewe ni kuikuza picha tu, si programu ya kawaida ya kuhariri ingeweza kuikuza bila ya mtambo huu wote? Ingeweza, na mahali ambapo nyuma ya bidhaa pana rangi moja tupu, nashauri ifanywe hivyo, kwa kuwa ni bure na haipindi kitu. Tofauti hudhihiri panapokuwa na vitu vya mbele na vya nyuma. Tuseme kamera iko sentimita 60 kutoka kwenye chupa, karafuu ziko sentimita 40, na ukuta sentimita 160. Kisha kamera isogee mbele kwa sentimita 8. Chupa itakua kwa kiasi cha asilimia 15, karafuu kwa asilimia 25, na ukuta kwa asilimia 5 tu. Kutolingana huku ndiko kunakoliambia jicho kuwa mahali pale pana kina. Picha iliyokuzwa tu hukuza vyote sawasawa, na jicho hutambua mara moja kuwa ni karatasi. Mtambo mzuri hukisia kina hicho kutoka katika picha moja, na huo ndio ustadi wake tunaoulipia.

Lakini ukisio, hata ukiwa mzuri, haulingani na ushahidi. Mitambo kadhaa, Kling na Dream Machine zikiwa miongoni mwake, hupokea picha mbili, ya fremu ya kwanza na ya fremu ya mwisho, nayo hujaza katikati. Wengi hupata ile ya mwisho kwa kuikata ya kwanza ikawa na eneo dogo zaidi, wakarudi kwenye karatasi ile ile iliyokuzwa, maana wameulazimisha mtambo uukuze ukuta sawa na karafuu. Aliye na bidhaa mezani ana njia iliyo bora. Aweke kamera au simu juu ya stendi, afunge ukali, nuru na rangi visijibadilishe vyenyewe, apige picha ya kwanza. Kisha aisogeze stendi mbele kwa zile sentimita 8, katika mstari ule ule na kimo kile kile, bila ya kugusa chupa wala karafuu hata moja, apige ya pili. Hapo mtambo una kweli mwanzoni na kweli mwishoni, herufi zinajulikana pande zote mbili, na nafasi iliyobaki ya kubuni ni ndogo mno.

Basi nawaomba nyote mnaopiga picha za bidhaa, zenu au za wateja, hata kama leo hamna haja ya video: kabla hamjaiondoa chupa mezani, sogezeni stendi sentimita 8 mbele, mpige picha ya pili, na mziweke zote mbili pamoja.